Barua ya Kujitoa Kwenye Usaili: Namna ya Kuitambua Iliyo Nzuri

Ukiletewa barua ya mwombaji anayejitoa kwenye usaili kwa kuwa amepata kazi kwingine, usianze kupima adabu yake. Itafute kwanza sentensi inayojitoa. Katika barua nzuri utaikuta mwanzoni. Ofisa rasilimali watu anayeipokea anataka kujua kama alifute jina hilo na kumwita aliyefuata. Akilazimika kusoma hadi saini ndipo aelewe, barua imeshindwa.

Mchukue mhasibu aliyeitwa usaili wa pili siku ya Alhamisi, katika kampuni moja ya Dar es Salaam. Jumatatu anasaini mkataba kwingine, na jioni hiyohiyo anaijibu baruapepe iliyomwita:

"YAH: KUJITOA KWENYE USAILI WA NAFASI YA MHASIBU

Nashukuru kwa kuniita kwenye usaili wa Alhamisi. Nimekubali kazi kwa mwajiri mwingine, hivyo naomba jina langu liondolewe kwenye orodha ya wasailiwa. Nawashukuru pia wanajopo kwa maelezo waliyonipa kuhusu namna hesabu za matawi zinavyounganishwa."

Neno "nimekubali" limefunga mjadala. Angeandika "natarajia kukubali" au "kwa sasa sitaweza kuendelea", ofisa angedhani mlango haujafungwa, na huenda angempigia simu kuuliza anataka mshahara gani. Hapa ndipo barua nyingi huharibikia. Mwandishi huona haya kukataa, akalainisha maneno mpaka kukataa kwenyewe kukapotea. Tazama pia yasiyokuwemo: jina la mwajiri mpya na mshahara wake. Vikitajwa, barua husomeka kama mwaliko wa kupandisha dau, hata kama mwandishi hakukusudia.

Shukrani naipima kwa kuihamisha. Ikiweza kubandikwa kwenye barua ya kampuni yoyote bila kubadilishwa neno, haina uzito. Ile ya hesabu za matawi haihamishiki, kwa sababu inataja jambo lililozungumzwa mbele ya jopo la usaili wa kwanza. Moja kama hiyo inatosha. Zikiwa tatu, msomaji huanza kushuku kwamba mwandishi anaomba radhi kwa jambo asilolisema.

Halafu tarehe. Wengi huiruka, nami naiona ina uzito kuliko lugha. Aliyejitoa kwa kuahidiwa kazi kwa simu tu, kabla mkataba haujasainiwa na pande zote mbili, amewahi mno; ahadi ikigeuka, atakosa huku na huku. Aliyengoja hadi asubuhi ya usaili amemnyima mwombaji wa akiba muda wa kujiandaa. Mhasibu wetu ameiachia kampuni Jumanne na Jumatano, siku mbili nzima za kumwita mwingine.

Wadhamini wake hawaonekani kwenye barua hiyo, lakini nao waarifiwe jioni hiyohiyo, wasije wakapigiwa simu kumsifia mtu aliyekwisha kujitoa.