Bango la Losheni na Taa Mbili

Kwenye duka moja la vipodozi hapa Nyarugusu limebandikwa bango la losheni ya watoto. Napita hapo nikienda sokoni, na kila nikipita nasimama. Zamani nilikuwa mpiga picha wa studio kule Uvira, kwa hiyo picha nzuri hainipiti hivihivi. Na hii, kwa kweli, ni nzuri. Ndiyo maana nina ugomvi nayo.

Chumba kimetulia. Kuna kitanda cha mtoto chenye kingo za mbao, pazia jepesi dirishani, ukuta wa rangi ya maziwa. Baba amekaa sakafuni, miguu peku, fulana imekunjamana, ndevu hazijanyolewa. Mtoto yuko mapajani mwake, na kidole gumba cha baba kinampaka losheni mguuni. Baba haangalii kamera. Chupa yenyewe iko pembeni, ndogo, kama imesahauliwa. Ukiwaona utasema hawa hawakujua kama wanapigwa picha.

Walijua sana. Sogea karibu, mwangalie mtoto machoni. Ndani ya mboni kuna alama mbili nyeupe. Moja ina pembe nne, hiyo ni dirisha. Nyingine ni ya duara, imetoka upande wa pili, na hiyo ni taa iliyowekwa ili upande wa kivuli usiwe mzito. Hata dirisha limefanyiwa kazi. Jua likiingia moja kwa moja huukata uso vipande viwili, kimoja cheupe, kingine cheusi. Ukilizuia kwa kitambaa cheupe chepesi, kitambaa chote kinakuwa kama taa moja kubwa, na mwanga unaotoka kwenye kitu kikubwa hulainisha kingo za vivuli. Sisi Uvira tulitumia shuka, na wateja walisema studio yetu inawafanya wawe vijana.

Huo si uongo, ni kazi ya mikono, na naiheshimu. Shida yangu ni kwamba mwanga umefanya kazi, halafu losheni ndiyo inayosifiwa. Mwanga ukitokea ubavuni na kugusa ngozi yenye unyevu, ngozi hung'aa. Paka mafuta yoyote, hata ya mgando ya bei ndogo, utaona mng'ao uleule. Tena maandishi yanasema losheni ni ya mtoto tangu siku ya kwanza, wakati yule wa kwenye picha shingo yake imeshakaza. Huyo ana miezi mitatu au zaidi. Mtoto wa siku chache hafanani hivyo, jamani. Anakuwa na makunyanzi, na mara nyingi ngozi inambanduka.

Hapo ndipo jirani yangu aliponaswa. Mtoto wake alikuwa na siku tano, ngozi ya miguuni ikaanza kubanduka. Akalikumbuka bango, akaona mwanawe ana kasoro. Akauza unga wa mgao, akanunua chupa. Muuguzi alipomwona mtoto alimwambia kubanduka kule ni kwa kawaida: mtoto ametoka kwenye maji ya tumboni, ngozi ya juu inakauka na kudondoka yenyewe. Shirika la Afya Duniani nalo, kwenye mwongozo wake wa 2022, halipendekezi kuwapaka watoto wachanga wenye afya, waliotimiza miezi, mafuta au losheni kila siku kwa nia ya kuzuia magonjwa ya ngozi. Mwenye ukurutu ni habari nyingine, huyo apelekwe kliniki.

"Papa," aliniambia, "mimi niliona yule mtoto ametulia. Nikadhani ni losheni."

Sikumcheka. Utulivu ndio bidhaa ya bango lile. Mule hakuna foleni, hakuna moshi, hata chandarua hakuna. Kuna mzazi mwenye nafasi ya kukaa chini bila kuitwa.

Na hapa niseme na nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika. Mabango yenu kuhusu watoto yana ukweli mwingi kuliko lile la dukani, lakini mzazi wa kwenu daima anafundishwa kitu, au anaitazama kamera na kutabasamu, jua la saa sita likimpiga utosini hadi macho yanakuwa mashimo meusi. Hatujawahi kupigwa picha tukiwa tumesahau kamera. Jirani yangu hakununua losheni kwa sababu ya maandishi. Alinunua kwa sababu ya yule baba.

Juzi, saa kumi na moja jioni, nilimkuta mlangoni kwake, jua liko chini, anamkanda mtoto miguu kwa mikono mikavu. Nikatoa simu. Akaiona, akanyoosha mgongo, akaweka kitenge sawa, akatabasamu. Nikairudisha mfukoni, nikavuta kigoda, tukaanza kuongea habari za unga.