Namba na Saa Yake

Mkunga hodari huanza kumshughulikia mtoto wa mama mwenye kisukari kabla hajazaliwa. Husoma kadi ya kliniki, akaangalia sukari ya mama ilivyokuwa wiki za mwisho na ilivyo sasa wakati wa uchungu. Sukari ya mama huvuka kondo la nyuma, lakini insulini yake haivuki, hivyo kongosho la mtoto huzoea kutengeneza insulini yake kwa wingi. Kitovu kikibanwa, sukari hukatika ghafla ilhali insulini ingali nyingi. Kushuka huko huwa kukali zaidi katika saa 1 hadi 2 za mwanzo, tena mara nyingi bila dalili yoyote. Mtoto ni mnene, ana rangi nzuri, na unene huo humhadaa asiyejua.

Tumchukulie mtoto wa kilo 4.4, aliyezaliwa saa 8:10 usiku. Mkunga anamkausha na kumlaza kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kwa kuwa baridi humla sukari. Saa 8:40 anamweka titini. Ananyonya kivivu, basi mkunga anakamua dang'a na kumnywesha mililita 3 kwa kijiko. Hasubiri kipimo ndipo alishe.

Saa 9:20 anapima. Kisigino kimepashwa joto, spiriti imekauka, anatoboa pembeni bila kukiminya kwa nguvu. Mashine inasoma 1.9. Lengo la wodi ni 2.6 milimoli kwa lita au zaidi. Mtoto hatetemeki, hajalegea, anapumua vizuri. Mkunga anampaka mililita 2.2 za jeli ya dekstrozi ya asilimia 40 ndani ya shavu, anamrudisha titini na kumwita daktari. Mtoto angekuwa na dalili, au namba ingeshuka chini ya 1.4, angehitaji dekstrozi ya asilimia 10 mshipani, mililita 2 kwa kila kilo, yaani 8.8, kisha dripu.

Ninachokistahi zaidi ni anavyoandika. Wengine huandika “sukari 1.9” wakaishia hapo, na wa zamu inayofuata hawezi kujua kama mtoto alikuwa na njaa au ameshiba. Chati yake inasema: saa 9:20, dakika 40 tangu aanze kulishwa, 1.9, hana dalili, jeli 2.2, amenyonya dakika 12, daktari amearifiwa, rudia 10:25. Saa 10:25 ni 2.7. Baada ya hapo anapimwa kabla ya kila mlo: saa 12 asubuhi 2.9, saa 3 ni 3.2, saa 6 mchana 3.1, saa 8:30 ni 3.3.

Mashine hizi hukosea zaidi sukari ikiwa chini, na damu nzito, ambayo watoto hawa huwa nayo mara nyingi, huzifanya zisome pungufu. Kwa hiyo ile 1.9 alikuwa ameipelekea maabara sampuli, ila jeli haikungojea majibu. Saa 12 zikishatimia na vipimo vikiwa vimetulia, anaacha kuchoma kisigino na kuandika mlo unaofuata: saa 11 jioni.