Gundi Itoke, Rangi Ibaki

Kampeni za uchaguzi zikiisha, miji ya pwani ya Lindi hubaki na nyuso za watu ukutani. Matokeo yameshatangazwa, wa kuapishwa wameapishwa, lakini mabango yako palepale kwenye milango ya maduka ya Masoko, kwenye nguzo za baraza Kivinje, kwenye kuta za Lindi mjini zinazotazama bahari. Jua hula wekundu na unjano kwanza, kwa hiyo baada ya miezi kadhaa wagombea wote, wa vyama vyote, wanakuwa wa buluu. Kisha mvua huchana karatasi, na kinachobaki ni vipande vya solotepu vilivyokauka, vyenye vumbi, vinavyonata bado kwenye pembe.

Kazi ya kuviondoa hupewa mtoto, tena hupewa na kisu. Milango mingi niliyoiona imeharibika hivyo. Wakati ulikuwa umeisamehe, bango nalo halikuidhuru. Kilichoiharibu ni haraka ya kubandua. Ndiyo maana namsifu fundi anayejua kazi hii, ingawa hakuna ankara inayoitaja.

Anayeijua huanza kwa kuhesabu matabaka. Juu kuna karatasi, chini yake plastiki ya tepu, halafu gundi, halafu rangi, halafu lipu au ubao. Ukivuta, kitakachoachia ni kile kilicho dhaifu kuliko vyote. Kama gundi imeshika kuliko rangi ilivyoshika lipu, utaondoka na rangi, na hakuna nguvu wala ustadi wa mkono utakaobadilisha hilo. Kwa hiyo ufundi wote ni kuifanya gundi iwe ndiyo dhaifu kwanza, kwa joto, kwa mafuta, kwa maji au kwa subira, halafu ndipo uvute.

Nilimtazama fundi rangi mmoja wa Masoko akifanya hivyo kwenye nyumba ya zamani Kivinje, nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa. Bango lilikuwa limebandikwa na mtu mwenye haraka, nusu kwenye mlango, nusu ukutani, na tepu pana ya kufungia maboksi ilipita juu ya vyote viwili. Mlango wenyewe ulikuwa na mbao zilizopakwa rangi ya mafuta ya kijani, na kuuzunguka kuna miimo yenye nakshi ya mnyororo isiyopakwa rangi, ambayo kwa miaka imekuwa ikipakwa mafuta tu. Bango moja, basi, lakini chini yake kazi tatu.

“Shikamoo bibi. Huu ukuta mlipaka nini?”

“Marahaba mwanangu. Rangi ya maji, juu ya chokaa ya zamani.”

Hakuridhika na jibu. Alipitisha kiganja ukutani, akakitazama: unga mweupe. Hapo alijua kwamba rangi ile haikushika ukuta, imekalia vumbi la chokaa. Kwenye nyumba za matumbawe jambo hili ni la kawaida, kwa sababu unyevu hupanda ukutani ukiwa na chumvi, na chumvi ikikauka karibu na uso husukuma rangi kwa ndani. Rangi ya maji ya kisasa ikipakwa juu ya chokaa ya namna hiyo hukaa kama ngozi ya maziwa. Tepu ikivutwa juu yake, itaondoka na ngozi nzima.

Kwa ukuta, basi, alikataa mafuta ya aina yoyote. Wengi hukosea hapo. Mafuta ya nazi, mafuta ya taa, hata ya kupikia, yote hulainisha gundi vizuri, lakini rangi ya maji na chokaa vina vitundu, huyanyonya, na doa linalobaki halitoki kwa sabuni. Baya zaidi, ukipaka rangi mpya ya maji juu yake, doa hujitokeza tena baada ya siku chache, kwa sababu mafuta hupenya rangi ikiwa mbichi. Itabidi upake kwanza rangi ya mafuta pale penye doa ndipo upake ya maji. Umejitafutia kazi mbili kwa kuikimbia moja.

Alitumia joto. Alikuwa ameazima draya ya saluni, akaishika mbali kidogo na ukuta, kama shubiri moja, akiitembeza bila kuisimamisha mpaka tepu ikawa ya vuguvugu kwa kidole, si ya kuunguza. Gundi ya tepu hulegea ikipata joto. Lakini kabla ya kuvuta alifanya jambo ambalo sijaona wengi wakilifanya: alipitisha ncha ya wembe kwa wepesi kuzunguka ukingo wa tepu, akikata rangi tu. Hivyo kama rangi ingetaka kung'oka, mpasuko ungeishia kwenye mstari ule, usingekimbia hadi katikati ya ukuta. Kisha akainua pembe moja, akaikunja nyuma kabisa ili tepu ivutwe ikilala sambamba na ukuta. Ukivuta kwa kuitoa nje, kuelekea kwako, unaing'oa rangi moja kwa moja. Ukiikunja juu ya mgongo wake na kuivuta polepole, nguvu hukusanyika kwenye mstari mwembamba pale gundi inapoachia, na rangi hupumzika. Polepole kweli: upana wa kidole, pumziko, joto tena. Tepu ikianza kutoa sauti ya kuchanika, ujue umekimbia.

Palepale karibu na dirisha rangi ilitoka kipande cha ukubwa wa kiganja. Hakushangaa, wala hakujaribu kuirudisha. Alikwangua kingo zilizoinuka, akaacha. Ukuta ule ulihitaji kukwanguliwa wote na kupakwa chokaa upya, na tepu ilikuwa imeutangaza tu.

Mlangoni mambo yaligeuka. Rangi ya mafuta iliyokauka vizuri hainyonyi mafuta, kwa hiyo pale mafuta ndiyo rafiki. Alikuwa na chupa ya mafuta ya nazi. Ilikuwa msimu wa kusi, asubuhi ya baridi, na mafuta yalikuwa yameganda meupe chupani. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Aliiweka chupa juani mpaka yakayeyuka. Akabandua plastiki kwanza kwa joto, maana mafuta hayapiti kwenye plastiki, akaacha gundi tupu, kijivu, yenye nywele za vumbi. Akaloweka pamba, akaibandika juu ya gundi, akaenda kunywa chai.

Hapa ndipo penye ufundi ambao hauonekani. Gundi nyingi za solotepu za zamani ni mpira uliochanganywa na utomvu, na mafuta hupenya mpira polepole, yakiuvimbisha na kuulainisha. Ukisugua mara moja, unaisambaza tu gundi mlango mzima. Ukisubiri robo saa, hujikusanya chini ya kidole kuwa vijipira vidogo vinavyobiringika. Vile vijipira ndiyo ishara. Visipotokea, mafuta hayajafika, rudisha pamba. Vilipotokea, alivikokota kwa ukingo wa kadi ya simu iliyokwisha, akafuta kwa kitambaa, akaosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, akakausha hapohapo. Mafuta yakiachwa mlangoni hukusanya vumbi lote la barabara.

Mafuta ya taa hufanya kazi hiyo kwa kasi zaidi, na mafundi wengi huanza nayo. Sina ugomvi nayo, ila harufu yake hukaa ndani ya nyumba, moto uwe mbali, na yasiachwe juu ya rangi muda mrefu. Spiriti ni hatari kwa namna nyingine: hulainisha rangi ya maji, na ubao uliong'arishwa kwa polishi iliyoyeyushwa kwa spiriti utayeyuka tena kwa spiriti. Petroli na thina siziiti hata kwa jina. Hizo huondoa gundi na mlango pamoja. Chochote utakachochagua, kijaribu kwanza nyuma ya bawaba, kwa pamba nyeupe. Pamba ikitoka na rangi ya kijani, umepata jibu lako.

Iliyobaki ilikuwa miimo yenye nakshi. Gundi ilikuwa imeingia kwenye matundu ya mnyororo, na pale kadi haifiki, wala kisu hakiruhusiwi, kwa sababu kisu huchora mstari mpya kwenye kazi ya mchongaji aliyekufa zamani. Alivunja chelewa kwenye ufagio, akatafuna ncha moja mpaka ikawa na nyuzi, nyingine akaichonga bapa. Chelewa ni ngumu kuliko gundi na laini kuliko mninga au mvule, na sifa hiyo ndiyo inayotakiwa kwa chombo chochote cha kazi hii. Kwa ncha ya nyuzi alipeleka mafuta ndani. Kwa ncha bapa alizoa, akifuata nyuzi za ubao, si kuzikata.

Sehemu moja, chini ya mfaa, kulikuwa na tepu ya miaka mingi zaidi. Plastiki yake ilishadondoka yenyewe na gundi imekuwa ya kahawia, ngumu, inayong'aa. Mpira ukizeeka kwa hewa na jua, kwanza hulegea na kuzama kwenye ubao, kisha hukauka na kushikamana na hapo mafuta hayaupenyi tena. Aliuparua kidogo kwa chelewa, ukatoka kama maganda, lakini chini yake doa lilikuwa limeshaingia kwenye ubao. Aliliacha. Kulitoa kungehitaji msasa, na msasa ungetoa nakshi.

Inashangaza kwamba tepu ya namna hii ilizaliwa kwa ajili ya kutolewa. Mwaka 1925 Richard Drew, wa kampuni ya 3M huko Minnesota, alibuni tepu ya karatasi kwa ajili ya wapaka rangi wa magari waliotaka mstari mkali kati ya rangi mbili: ishike, halafu iachie bila kung'oa. Tepu ya kung'aa, ile ya kuonyesha kilicho chini yake, ilifuata mwaka 1930, na ndiyo iliyotuletea shida yote hii, kwa sababu ilitengenezwa ibaki.

Wabandikaji wa zamani waliotumia uji wa unga wa ngano au wa muhogo wanastahili heshima kuliko wanavyopewa. Bango lililobandikwa kwa uji huloweshwa kwa kitambaa cha maji moto, huachwa kama dakika 10, na hutoka zima. Kwenye rangi ya mafuta halibakishi kitu. Kwenye chokaa, wanga hubaki, na mende na ukungu hula wanga, kwa hiyo ukuta ufutwe mara ya pili kwa maji safi na upate upepo.

Jioni, mlango ulipokauka, lilionekana jambo ambalo hakuna dawa yake. Pale bango lilipokuwa limefunika, kijani kilikuwa kibichi, kama siku kilipopakwa, na kukizunguka mlango wote umefifia kwa jua. Bibi alimwuliza kama hilo nalo lingetoka. “Hilo si uchafu, bibi,” alisema fundi. “Hilo ndilo lililo sawa. Kilichoharibika ni kilichobaki.” Wakakubaliana apake mlango mzima baada ya kusi, upepo ukitulia, na akamtajia bei ya rangi. Kwa kubandua hakutaja bei yoyote.