Si Kila Mpangilio Mgeni ni Kuboronga Sarufi: Mada na Fokasi katika Mshororo

Katika kufundisha ushairi, tumewazoesha wanafunzi kutaja vipengele vya uhuru wa mshairi: inksari, mazida, tabdila na kuboronga sarufi. Kipengele hiki cha mwisho kimegeuka kuwa kapu la kila kitu. Mwanafunzi akiona nomino imetangulia mahali asipoitarajia, huandika "mshairi ameboronga sarufi ili kupata urari wa vina", nasi twampa alama. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mara nyingi jibu hilo si sahihi, na kwamba linampotosha mwanafunzi asiuone ujumbe wenyewe.

Tuchukue mishororo hii miwili niliyoitunga kwa ajili ya zoezi la darasani:

Kulima hatutaweza, masika yakiwadia,
Shamba baba kaliuza, fedha amezitumia.

Wanafunzi wangu takriban wote waliutaja mshororo wa pili kuwa mfano wa kuboronga sarufi. Walisema mpangilio "wa kawaida" ni "Baba kaliuza shamba". Niliwauliza swali moja tu: mtu akikuuliza nyumbani, "Lile shamba limekuwaje?", utamjibu vipi? Wakajibu bila kusita: "Shamba baba ameliuza." Basi kama hivyo ndivyo tusemavyo sebuleni, sarufi imeborongwa wapi?

Kila sentensi katika mazungumzo huwa na kitu inachokizungumzia, ambacho msikilizaji anakijua tayari. Hicho huitwa mada. Kisha huwa na habari mpya inayotolewa kuhusu kitu hicho, na kiini cha habari hiyo huitwa fokasi. Lugha hutofautiana katika kuyaonyesha haya. Kisomali, kwa mfano, huweka kijineno "baa" baada ya nomino inayobeba fokasi. Kiswahili hutegemea zaidi mpangilio wa maneno pamoja na viambishi. Katika mshororo wetu, shamba linajulikana, kwani kulima kumekwisha kutajwa. Ndiyo maana limetangulia. Kiambishi "-li-" katika "kaliuza" (yaani "ameliuza") kinalirejelea. Habari mpya ni kwamba baba ameliuza. "Fedha amezitumia" nayo imejengwa vivyo hivyo kwa kiambishi "-zi-".

Linganisha na sentensi hii: "Baba ndiye aliyeliuza shamba." Hili ni jibu la swali jingine: nani aliyeliuza? Kuuzwa kwa shamba sasa ni jambo lililokwisha kujulikana, na jipya ni mtendaji. "Ndiye" inamtenga baba na watu wengine wote. Mshairi angetumia muundo huu, nafsineni angekuwa anamnyooshea baba kidole. Katika mshororo wetu, nafsineni analia kwa sababu ya shamba. Mhakiki asiyeona tofauti hii hawezi kueleza toni ya shairi.

Jambo hili hata katika ngano lipo. Fanani huanza: "Hapo zamani za kale paliondokea mzee mmoja." Mzee hajulikani bado, kwa hiyo anakuja baada ya kitenzi, nacho kitenzi kinachukua "pa-" badala ya "a-". Sentensi ifuatayo husema, "Mzee huyo alikuwa na…" Sasa amekuwa mada, na amehamia mwanzoni.

Je, kuboronga sarufi hakupo? Kupo. Mshairi akisema "Nimeuza langu jembe", amekitanguliza kivumishi kimilikishi mbele ya nomino. Hakuna swali la kawaida ambalo jibu lake hudai mpangilio huo. Hapo mwanafunzi apewe alama yake.

Hata hivyo, tahadhari mbili zahitajika. Kwanza, kiambishi cha mtendwa pekee si ushahidi wa mada. Nomino ya mtu aghalabu hukidai popote ilipo: "Nilimwona mtoto." Ni lazima tutazame pia nafasi ya nomino. Pili, vina navyo vina sehemu yao. "Baba kaliuza shamba" ina mizani nane vilevile, lakini ingevunja kina cha kati "-za". Mshairi amefaidika na mpangilio alioutumia. Alichofanya ni kuchagua miongoni mwa miundo ambayo lugha inamruhusu.

Kwa hivyo, kabla ya kuweka alama ya vyema penye "kuboronga sarufi", mwalimu na aisome sentensi kama jibu na kutafuta swali lake. Swali likipatikana, mwanafunzi aelekezwe aeleze ni nini kilichofanywa mada na kwa nini. Lisipopatikana, na mpangilio huo hausikiki katika usemi wa kila siku, hapo ndipo tuseme mshairi ametumia uhuru wake.