Pengo la Kazi Lilivyosemwa kwa Sentensi Moja

Aghalabu mtu aliyekaa nje ya ajira kwa miaka miwili au mitatu, anapoketi kuandika wasifu wake wa kazi, huifanya aya ile ya muhtasari iliyo juu kabisa, ambayo madhumuni yake ni kumweleza mwajiri kwa mistari michache yeye ni nani na anajua nini, kuwa mahali pa kutolea udhuru. Na kadiri anavyozidi kuutoa ndivyo msomaji wake anavyozidi kuingiwa na shaka ambayo hapo mwanzo hakuwa nayo. Katika uchambuzi huu nataka nifuate kadhia moja tu, ya mhasibu wa mishahara wa Mombasa, mwanamke aliyeacha kazi hotelini mwezi wa Machi 2021 ili amuuguze mama yake, akaanza kutafuta kazi tena mapema mwaka 2025. Mfano huu nimeuunda mwenyewe kwa ajili ya maelezo, lakini tarakimu za makato na sheria zitakazotajwa ni za Kenya kama zilivyo.

Aya yake ya kwanza ilikuwa hivi: “Mimi ni mhasibu mwenye ari, ingawa kwa bahati mbaya nimekuwa nje ya kazi kwa muda mrefu kutokana na matatizo ya kifamilia yaliyokuwa nje ya uwezo wangu. Mama yangu alipatwa na kiharusi, wala hapakuwa na mtu mwingine wa kumhudumia. Naelewa kwamba mambo mengi yamebadilika, lakini niko tayari kuanza hata katika ngazi ya chini, nami naomba nipewe nafasi ya kuthibitisha kwamba bado naweza.”

Hapana uwongo hata mmoja katika maneno hayo, na mwenye moyo hatayasoma bila huruma. Lakini tuyatazame kwa jicho la karani wa ajira aliyewekewa mezani fungu la wasifu, naye anatafuta mtu wa kuandaa mishahara ya mwezi ujao. Sentensi zote tatu zimekwisha na bado hajaambiwa mwombaji huyu aliwahi kuandaa mishahara ya watu wangapi, wala kwa njia gani. Alichoambiwa ni kwamba kuna ugonjwa nyumbani, na kwa kuwa mwandishi ametumia “nimekuwa nje ya kazi”, hali inayoendelea hadi leo, msomaji ana haki ya kudhani kwamba ugonjwa huo haujakwisha na kwamba mwezi wa pili mhasibu atakuwa hospitalini ilhali hati za malipo zinamngoja. Kisha akaambiwa, na mwombaji mwenyewe, kwamba mambo mengi yamebadilika. Hilo la mwisho ndilo kosa kubwa kuliko yote, maana limeitaja hofu halisi ya mwajiri likaiacha bila jawabu.

Ili tuelewe hofu hiyo ni ipi hasa, yatupasa tuangalie ni kitu gani kilichobadilika. Siku mhasibu huyu alipoondoka, mfanyakazi wa mshahara wa shilingi 100,000 kwa mwezi alikatwa shilingi 200 za NSSF, kima kimoja kwa wote, na shilingi 1,700 za NHIF, ambayo ilitozwa kwa madaraja. Ushuru wa nyumba haukuwapo. Mwezi wa Februari 2023 viwango vipya vya NSSF, vya asilimia 6 kwa mfanyakazi na kiasi kama hicho kwa mwajiri, vilianza kutumika, na kikomo chake kikapandishwa hatua kwa hatua. Mwaka huohuo ukaja ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, naye mwajiri akitakiwa kutoa sehemu iliyo sawa. Oktoba 2024 NHIF ikaipisha SHIF, inayotoza asilimia 2.75 ya mshahara wote, na mwishoni mwa Desemba 2024 sheria ikaagiza kwamba SHIF na ushuru wa nyumba viondolewe kabla ya kodi kukokotolewa. Kwa mfanyakazi yuleyule wa shilingi 100,000, mwezi wa Februari 2025 makato hayo matatu yalikuwa shilingi 4,320, 2,750 na 1,500, yaani jumla ya 8,570, mahali palipokuwa na 1,900. Mhasibu anayeandaa mishahara kwa hesabu ya mwaka 2021 atakosea kila hati moja pasi na kubakiza, na mwajiri ndiye atakayelipa faini.

Basi dhahiri swali la mwajiri silo “ulikuwa wapi?” kwa maana ya kutaka kuhesabiwa siku za ghaibu. Ana maswali matatu yaliyofuatana: je, mtu huyu aliijua kazi, je, kilichomwondoa kimekwisha, na je, anaijua kazi kama ilivyo leo. Aya ya pili iliandikwa kwa utaratibu huo: “Mimi ni mhasibu wa mishahara mwenye uzoefu wa miaka 9, niliyeandaa mishahara ya wafanyakazi 240 wa hoteli na kuwasilisha kodi yao kupitia iTax kabla ya tarehe 9 ya kila mwezi. Kuanzia Machi 2021 hadi Desemba 2024 nilimuuguza mzazi; jukumu hilo limekwisha. Tangu Januari 2025 naandaa mishahara ya duka lenye wafanyakazi 6 kwa viwango vya sasa vya NSSF, SHIF na ushuru wa nyumba.”

Aya nzima ina maneno 62, na katika hayo pengo limepewa 11, chini ya moja ya tano. Sisemi kwamba kuna kanuni iliyoteremshwa juu ya kipimo hicho, ila nimeona kwamba sentensi ya pengo ikianza kuwa ndefu kuliko ile ya kazi, msomaji huishika hiyo akaiacha nyingine. Mahali pake nako kuna hekima: haikutangulia, maana mwombaji angejulishwa kwa kutokuwapo kwake kabla ya kujulishwa kwa kazi yake, wala haikuwekwa mwisho, maana neno la mwisho ndilo msomaji anaondoka nalo. Imekaa kati, imebanwa na kazi ya zamani upande mmoja na kazi ya sasa upande wa pili.

Tutazame sasa yaliyoachwa. Kiharusi hakikutajwa, kwa sababu ugonjwa wa mama ni siri ya mama, na karani wa ajira hana haja nao. Ukiutaja unamkaribisha aulize, naye akiuliza utalazimika kujibu. “Kwa bahati mbaya” limeondolewa, kwa kuwa kumuuguza mzazi si bahati mbaya mbele ya mwajiri wala si taksiri. Ni jambo lililofanywa. “Ngazi ya chini” nayo imeondoka, na hapa wengi hubishana nami wakidai kwamba unyenyekevu haumwangushi mtu. La, hasha: anayejipunguzia bei kabla ya kuulizwa amekwisha kumwambia mnunuzi kwamba bidhaa ina kasoro. Ama lile badiliko la kitenzi, kutoka “nimekuwa” hadi “nilimuuguza”, pamoja na tarehe mbili za mwanzo na mwisho, ndilo linalofanya kazi kubwa zaidi kuliko ukubwa wake, kwani limelifunga jambo.

Maneno matatu ya “jukumu hilo limekwisha” yanahitaji hadhari. Yaandikwe pale tu yanapokuwa kweli. Ikiwa mzazi angali mgonjwa na ndugu mwingine ndiye anayemhudumia sasa, basi sentensi iseme “sasa anahudumiwa na jamaa”, kwa kuwa mwajiri anataka kujua kama saa za kazi ni zako, na jawabu hilo linamtosha. Wala si lazima kueleza kwamba limekwisha kwa mazishi. Msomaji mwenye adabu ataelewa, na asiye na adabu hastahili kupewa maelezo.

Sentensi ya tatu ndiyo iliyokuwa ngumu kupatikana, kwa sababu haiwezi kuandikwa kabla ya kitu chenyewe kufanywa. Kusema “nimefuatilia mabadiliko ya sheria” ni dai tupu. Kila mwombaji hulisema. Mhasibu wetu alikwenda kwa jamaa yake mwenye duka, akamwomba amwachie hati za mishahara za watu sita, akaziandaa kwa miezi kadhaa kwa viwango vipya. Kazi ni ndogo, na idadi imetajwa bila kufichwa, kwa sababu 6 iliyo kweli ni ithibati yenye nguvu kuliko maneno makubwa yasiyo na hesabu. Na akiitwa kwenye usaili, anaweza kueleza hatua kwa hatua jinsi kodi inavyokokotolewa sasa. Asiyekuwa na jamaa mwenye duka na atafute chama cha ushirika au msikiti au kanisa lenye watumishi wachache. Lakini na awe amefanya.

Kuna wanaopita njia nyingine, wakaziondoa tarehe au kuzisogeza ili pengo lisionekane. Hila hiyo haiendi mbali. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza kazi, na michango ya NSSF imeandikwa mwezi kwa mwezi. Mwajiri mpya akiviomba, pengo litaonekana, na safari hii likiwa pamoja na uwongo. Ndiyo maana katika orodha ya kazi, chini ya muhtasari, miaka ile mitatu na ushei ilipewa mstari wake wenye tarehe zilezile, bila maelezo zaidi, ili jicho lisikute shimo.

Mbinu hii ina mipaka yake. Pengo la miezi minne au mitano halihitaji kuingia katika muhtasari hata kidogo. Orodha ya kazi yatosha. Aliyepunguzwa kazini pamoja na wenzake aseme hivyo kwa kifungu kimoja na kuendelea. Aliyekuwa mgonjwa mwenyewe anaweza kuandika “likizo ya kiafya, imekwisha” na asitaje maradhi, wala mjamzito hana deni la maelezo. Sheria hiyohiyo ya Ajira inakataza kumbagua mtu kwa ujauzito, ulemavu, hali ya ndoa au kuwa na virusi vya ukimwi. Ama aliyefukuzwa kwa kosa, muhtasari si mahali pake: habari hiyo hujibiwa kwa mdomo, kwa ukweli, inapoulizwa.

Na siku ya usaili swali litakuja, hata kama limekwisha kujibiwa kwenye karatasi. Rudia sentensi ileile ya maneno kumi na moja, kisha nyamaza umwache msaili aulize kuhusu mishahara.