Nondo ya 12 Inapopanda Mzanini

Nondo za milimita 12 huuzwa dukani kwa kipande, na kipande huhesabiwa kuwa mita 12. Mnunuzi akitaka kujua kama amepewa nondo ya 12 kweli, aanze na fomula inayotumiwa na kila mkadiriaji wa majengo: d²/162. Kipenyo kwa milimita unakizidisha chenyewe, unagawa kwa 162, unapata kilo za kila mita moja. Kwa nondo ya 12 ni 144 kugawa kwa 162, yaani kilo 0.889. Zidisha kwa mita 12: kilo 10.67.

Hiyo 162 haikuokotwa. Eneo la duara ni d² mara 0.7854, na mita moja ya ujazo ya chuma ina kilo 7,850. Ukigeuza milimita za mraba kuwa mita za mraba, unabaki na d² mara 0.006165, ambayo ni sawa na kugawa kwa 162.2. Kwa hiyo anayepima urefu kwa futi asiitumie. Yake ni 532.

Kubana nondo kwa kipimo hakusaidii sana, kwa sababu ina mbavu: ukibana juu ya mbavu unapata kikubwa, kati yake unapata kidogo. Kipenyo kinachotajwa ni cha chuma laini cha mviringo chenye uzito uleule, ndiyo maana mzani ndio shahidi bora.

Chukua nondo 5. Futa udongo, kisha pima urefu wa kila moja kwa tepu kabla ya kitu kingine, maana kipande kilichokatwa kifupi kitakudanganya kuwa ni chembamba. Tuseme zote zimetimia, jumla mita 60. Zifunge pamoja na uzipime. Mzani wa duka unaosoma kwa gramu 100 haufai kwa kipande cha mita moja, lakini kwa mzigo mzima kosa hilo ni dogo.

Ilitakiwa kilo 53.3. Mzani ukisoma 45.6, gawa kwa 60: kilo 0.76 kwa mita. Sasa rudi kinyumenyume: 0.76 mara 162 ni 123, na kipeuo chake cha pili ni 11.1. Umeuziwa nondo ya 11 kwa jina la 12.

Milimita moja inaonekana ndogo, ila kwa kuwa kipenyo kimezidishwa chenyewe, chuma kilichopungua ni asilimia 14.5, na nguzo imekosa kiasi hichohicho cha chuma. Kiwango cha Uingereza BS 4449 kinaruhusu nondo ya 12 kupungua kwa asilimia 4.5 tu, yaani isishuke chini ya kilo 0.848 kwa mita.

Mzani haujui ubora wa chuma chenyewe. Nondo yenye uzito kamili inaweza kuwa dhaifu, na hilo huonekana tu kipande kikivutwa maabara hadi kikatike.