Ghala, Dalali na Kodi Iliyokwisha Kulipwa

Swali lenyewe ni fupi. Tarehe 1 Januari kampuni inapanga ghala kwa miaka 5. Kodi ni shilingi 10,000,000 kwa mwaka, inalipwa mwanzoni mwa kila mwaka, na ya kwanza imelipwa siku hiyohiyo. Dalali amechukua kamisheni ya 600,000 baada ya mkataba kusainiwa. Kabla ya hapo mkurugenzi alitumia 300,000 kuzunguka akikagua maghala. Mwenye ghala ameipa kampuni 400,000 ili ikubali kupanga. Riba ambayo kampuni ingetozwa kwa mkopo wa aina hiyo ni asilimia 10. Kokotoa dhima ya pango na thamani ya haki ya kutumia ghala siku ya kwanza, kwa kufuata IFRS 16.

Mtunzi amezichezea nafasi za maneno. Miaka 5 imetangulia, asilimia 10 imekuja mwisho, na mtahiniwa mwenye haraka huunganisha ncha hizo mbili, akafungua jedwali na kuchukua 3.7908. Kilichomponyoka ni kishazi cha katikati: ya kwanza imelipwa. Dhima ni deni, na kilicholipwa si deni tena. Zimebaki kodi 4, ya karibu zaidi ikiwa mwaka mmoja mbele, kwa hiyo kizidishi ni 3.1699, na dhima ni 31,698,654.

Ile milioni 10 haipotei. Inahamia upande wa mali: 31,698,654 kujumlisha 10,000,000, kujumlisha 600,000 za dalali, kutoa 400,000 za mwenye ghala. Jibu ni 41,898,654. Hapa ndipo mtunzi amenifurahisha, kwa kuwaweka dalali na mkurugenzi sentensi jirani kana kwamba ni ndugu. Bila mkataba, dalali asingepata kitu. Mkurugenzi angekuwa ameshazunguka hata kama ghala lingekosekana. Kwa hiyo safari zake ni matumizi ya kawaida, haziingii kwenye mali.

Riba imetolewa bure mno. Kiwango kinachotangulia ni kile kilichomo ndani ya mkataba wenyewe, lakini ili kukipata unahitaji kujua mambo kama thamani ambayo mwenye ghala anatarajia libaki nayo mwishoni, na mpangaji kwa kawaida hayajui. Ndiyo maana huangukia riba ya mkopo wake. Swali halisemi kwa nini limeruka hatua hiyo.

Kasoro kubwa zaidi ni kuishia siku ya kwanza, kwa sababu jibu baya hapo linafanana na jibu zuri. Sharti moja tu lingetosha: onyesha salio baada ya kodi ya mwisho. Ukianza na 31,698,654, ukaongeza riba kila mwaka na kutoa milioni 10, mara ya 4 unafika sifuri. Aliyetumia 3.7908 alianza na 37,907,868, na baada ya malipo hayohayo anabaki na deni la 9,090,909 ambalo hakuna wa kumlipa.